Njia ya Uokoaji wa Purini na Athari za Upungufu wa Kimeng'enya cha HPRT: Utambuzi wa Mtoto Aliyedhaniwa Kuwa na Mtindio wa Ubongo katika Mazingira ya Kashaulili, Mpanda

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna seli za binadamu zinavyookoa purini zilizokwisha kutumika, na kinachotokea pale kimeng'enya kikuu cha njia hiyo, yaani haipozanthini-guanini fosforibosiltransferezi (HPRT), kinapokosekana. Upungufu mkubwa wa kimeng'enya hicho huleta ugonjwa wa Lesch-Nyhan, ambao katika miezi ya mwanzo hufanana mno na mtindio wa ubongo. Hoja kuu ni kwamba kipimo cha awali cha kuutenga ugonjwa huu kinahitaji mkojo na hesabu sahili tu, lakini hesabu hiyo hupotosha iwapo mpimaji hatazingatia utapiamlo, malaria na uongezaji damu, hali ambazo hukutwa mara kwa mara katika mazingira kama ya kata ya Kashaulili, Manispaa ya Mpanda, Mkoa wa Katavi.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1964 Michael Lesch, aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari, na mwalimu wake William Nyhan, wote wa Johns Hopkins mjini Baltimore, walichapisha maelezo ya ndugu wawili wa kiume waliokuwa na mambo matatu kwa pamoja: asidi ya yuriki nyingi kupita kiasi, mikazo na mijongeo ya misuli isiyo ya hiari, na tabia ya kujiuma midomo na vidole. Miaka mitatu baadaye, yaani 1967, Seegmiller, Rosenbloom na Kelley walionesha kwamba chanzo chake ni kukosekana kwa utendaji wa kimeng'enya kimoja tu, HPRT. Ugonjwa huo ukawa miongoni mwa mifano ya mwanzo iliyo wazi ya kasoro moja ya kikemia inayozaa tabia mahususi ya mwili na nafsi.

Ugonjwa huu ni adimu. Makadirio yanayotumika sana ni kisa kimoja katika vizazi hai vipatavyo 380,000. Uadimu huo ndio unaofanya utambuzi wake uwe mgumu. Mtoto wa kiume asiyeweza kukaa akiwa na umri wa mwaka mmoja, mwenye shingo legevu na mikono inayojikunja, atakapofikishwa katika kituo cha afya huko Mpanda, ataelezwa kuwa ana mtindio wa ubongo, na mara nyingi maelezo hayo yatakuwa sahihi. Swali linaloshughulikiwa hapa ni hili: katika kundi kubwa la watoto wa namna hiyo, mhudumu atamtambuaje yule mmoja ambaye figo zake zinaharibika polepole kwa sababu nyingine kabisa?

2.0 Njia mbili za kupata purini

Seli huhitaji purini ili kuunda DNA na RNA, na pia kuunda ATP na GTP zinazobeba nishati na ishara. Purini hizo hupatikana kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni usanisi mpya. Hapa seli huanza na sukari iliyoamshwa, fosforibosili pirofosfeti (PRPP), kisha hujenga pete ya purini juu yake kipande kwa kipande, kwa kutumia glutamini, glisini, aspateti, folati na kabonidioksidi. Kazi hiyo hupitia hatua kumi hadi kufikia IMP, na hugharimu ATP nyingi.

Njia ya pili ni uokoaji. Asidi nukleiki na nyukleotidi zinapovunjwa, hubaki besi huru, hasa haipozanthini na guanini. Badala ya kuzitupa, seli huziunganisha na PRPP kwa hatua moja tu:

haipozanthini + PRPP → IMP + pirofosfeti
guanini + PRPP → GMP + pirofosfeti

Kimeng'enya kinachofanya kazi zote mbili ni HPRT. Adenini ina kimeng'enya chake chenyewe, APRT, nacho hakiguswi na ugonjwa unaojadiliwa hapa. Tofauti ya gharama kati ya hatua kumi na hatua moja inaeleza kwa nini mwili wenye afya huziokoa besi nyingi zaidi kuliko inazozitupa.

Besi isiyookolewa hufuata mkondo mwingine. Zanthini oksidezi huibadili haipozanthini kuwa zanthini, kisha zanthini kuwa asidi ya yuriki. Mamalia wengi wana yurikezi inayoendelea kuivunja asidi hiyo hadi kuwa kitu kinachoyeyuka vizuri majini. Binadamu hana yurikezi inayofanya kazi. Kwake asidi ya yuriki ndiyo kikomo, nayo huyeyuka kwa shida, hasa katika mkojo wenye uasidi.

3.0 Kinachotokea HPRT inapokosekana

Wazo la haraka ni kwamba asidi ya yuriki huongezeka kwa sababu besi zisizookolewa zinavunjwa. Wazo hilo ni kweli, lakini ni nusu ya maelezo. Nusu ya pili imo katika udhibiti wa usanisi mpya. Kimeng'enya kinachofungua njia ya usanisi, PRPP amidotransferezi, huchochewa na wingi wa PRPP na huzuiwa na IMP na GMP. HPRT isipokuwepo, PRPP haitumiki katika uokoaji, kwa hiyo hurundikana. Wakati huohuo IMP na GMP zinazotokana na uokoaji hupungua. Kichocheo kimeongezeka na kizuizi kimepungua. Matokeo yake ni kwamba seli hutengeneza purini mpya kwa kasi, huzitumia, kisha hushindwa kuziokoa na kuzivunja. Mwili unakuwa kama mtu achotaye maji kwa bidii na kuyamimina katika mtungi uliotoboka.

Asidi hiyo huonekana mapema. Dalili ya kwanza, ambayo huweza kutokea katika wiki za mwanzo, ni chembechembe za rangi ya machungwa au waridi katika nepi, mithili ya mchanga laini. Baadaye huja mawe ya figo, damu katika mkojo na, pasipo matibabu, figo kushindwa kufanya kazi. Jongo la viungo nalo huweza kuja miaka ya baadaye.

Ukali wa ugonjwa hutegemea kiasi cha utendaji wa kimeng'enya kilichosalia. Wagonjwa wenye utendaji ulio chini ya takribani asilimia 1.5 huwa na ugonjwa kamili wa Lesch-Nyhan. Wenye utendaji wa kati huwa na matatizo ya mijongeo bila kujijeruhi, na wale waliobakiwa na zaidi ya takribani asilimia 8 huwa na jongo na mawe ya figo tu. Mipaka hiyo si ukuta. Hubadilika kulingana na namna ya upimaji. Hata hivyo, inaonesha kwamba kiasi kidogo sana cha utendaji chatosha kuulinda ubongo.

4.0 Ubongo: athari isiyotokana na asidi ya yuriki

Mtoto mwenye ugonjwa kamili huzaliwa akionekana mzima. Kati ya miezi mitatu na sita, wazazi hugundua kwamba shingo haikazi na kwamba mtoto hakai. Kabla au karibu na mwisho wa mwaka wa kwanza, ulegevu huo huchanganyika na distonia, yaani mikazo inayopinda mwili na viungo bila hiari. Wengi hawatembei kamwe. Tabia ya kujijeruhi kwa kawaida huja baadaye, mara nyingi katika mwaka wa pili au wa tatu meno yakiwa yameota, ingawa kwa wengine huchelewa zaidi. Mtoto huuma midomo, ulimi au ncha za vidole hadi nyama kukatika. Ikumbukwe kwamba mtoto huyo anahisi maumivu. Hulia anapojiuma, na wengi hutulia na kufurahi mikono yao inapofungwa kwa kitambaa laini, kwa kuwa kifungo hicho kinawakinga na jambo wasiloweza kulizuia.

Kwa miaka kadhaa ilikuwa rahisi kudhani kwamba asidi ya yuriki ndiyo inayoudhuru ubongo. Ushahidi dhidi ya dhana hiyo ni wa wazi: watoto waliopewa alopurinoli tangu kuzaliwa, na ambao asidi yao ilibaki katika kiwango cha kawaida, bado walipata distonia na kujijeruhi. Aidha, watu wengi wenye asidi nyingi kwa sababu nyingine hawapati dalili hizo.

Maelezo yenye uzito zaidi yako katika vifundo vya msingi vya ubongo. Eneo hilo huwa na utendaji mkubwa wa HPRT kwa mtu mwenye afya. Kwa wagonjwa waliochunguzwa baada ya kufariki, dopamini katika eneo hilo ilikutwa imepungua sana, ilhali seli zenyewe hazikuonekana zimekufa kama inavyoonekana katika ugonjwa wa Parkinson. Yaelekea, basi, kwamba nyuroni za dopamini hushindwa kukomaa na kufanya kazi zake ipasavyo, na kwamba hitilafu hiyo huanza mapema katika ukuaji. Mnyororo kamili kutoka kupungua kwa purini zinazookolewa hadi kupungua kwa dopamini haujakamilika katika fasihi ya kitaalamu, na ndiyo sababu hakuna dawa iliyothibitika kuirejesha hali ya ubongo.

5.0 Mfano wa utambuzi

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya kuonesha hesabu. Haumhusu mgonjwa yeyote. Mtoto wa kiume wa Kashaulili, mwenye umri wa miezi 14 na uzito wa kilo 8, hawezi kukaa. Alizaliwa kwa wakati, akalia mara moja, na hakuwahi kupata degedege wala manjano kali. Mama yake anakumbuka mchanga wa rangi ya machungwa katika nepi, lakini hakuna aliyewahi kumuuliza. Kaka wa mama huyo alifariki akiwa mtoto, akiwa hawezi kutembea.

Mambo mawili katika historia hiyo yanapaswa kumsimamisha mhudumu. La kwanza ni kukosekana kwa tukio linaloweza kueleza mtindio wa ubongo: hakuna kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, hakuna uti wa mgongo, hakuna malaria kali ya kichwa. La pili ni mjomba. Jeni la HPRT1 limo katika kromosomu X, kwa hiyo ugonjwa hupitia kwa wanawake wasioumwa na kujitokeza kwa wanaume wa upande wa mama.

Kipimo cha damu pekee hakitoshi. Figo za mtoto mdogo huitoa asidi ya yuriki kwa wepesi, na kiwango chake katika damu huweza kubaki karibu na kawaida hali uzalishaji ukiwa mkubwa. Hivyo basi, hupimwa mkojo, na asidi ya yuriki hugawanywa kwa kreatinini ili kufidia tofauti ya ukolezi. Tuseme mkojo wa mtoto huyu una asidi ya yuriki miligramu 90 na kreatinini miligramu 30 kwa desilita. Uwiano ni 90 ÷ 30 = 3.0. Kwa mtoto aliye chini ya miaka kumi, uwiano unaozidi 2 huelekeza kwenye ugonjwa wa Lesch-Nyhan, ingawa hauuthibitishi. Maabara inayotoa majibu kwa milimoli itakuwa na kikomo tofauti: kwa kuwa molekuli ya asidi ya yuriki ni nzito kuliko ya kreatinini, uwiano wa 2 kwa miligramu ni sawa na takribani 1.3 kwa milimoli. Kuchanganya vipimo hivi viwili kwatosha kumpoteza mgonjwa.

Sasa alinganishwe na mtoto wa pili, wa umri uleule, mwenye kilo 7 na utapiamlo mkali. Mkojo wake una asidi ya yuriki miligramu 40 na kreatinini miligramu 16 kwa desilita. Uwiano ni 2.5, nao pia umevuka kikomo. Lakini kreatinini hutokana na misuli, na mtoto aliyekonda ana misuli michache. Uwiano umepanda kwa sababu kigawanyo kimepungua. Njia ya kuwatofautisha ni kukusanya mkojo wa saa 24 na kuikokotoa asidi kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kwanza akitoa mililita 300, jumla ni miligramu 270, sawa na takribani 34 kwa kilo kwa siku. Wa pili akitoa mililita 250, jumla ni miligramu 100, sawa na takribani 14 kwa kilo. Kiasi kinachozidi miligramu 20 kwa kilo kwa siku ndicho kinachotarajiwa katika ugonjwa huu. Wa kwanza anastahili uchunguzi zaidi. Wa pili anastahili kulishwa kwanza, kisha kupimwa upya.

Kosa la kinyume nalo hutokea. Mkojo uliopoa huiangusha asidi ya yuriki chini ya chupa kama unga. Mtaalamu wa maabara akichota maji ya juu tu, atapata kiwango kidogo cha uongo, na mgonjwa wa kweli atarudishwa nyumbani. Sampuli inapaswa kupashwa moto na kutikiswa, au kuongezwa alkali, kabla ya kupimwa.

6.0 Uthibitisho na vikwazo vyake

Uthibitisho hupatikana kwa kupima utendaji wa HPRT katika seli za damu au kwa kusoma jeni la HPRT1. Katika Mkoa wa Katavi, ambako watoto huugua malaria na wengine huongezewa damu kwa sababu ya upungufu mkali, kipimo cha utendaji kinahitaji tahadhari mbili. Kwanza, damu ya kuongezewa huleta seli nyekundu za mchangiaji zenye HPRT kamili. Mtoto mwenye ugonjwa ataonekana mzima, au atawekwa katika kundi la upungufu kidogo, hadi seli hizo zitakapokwisha, jambo linaloweza kuchukua takribani miezi minne. Pili, kimelea cha malaria hakiwezi kutengeneza purini upya. Hutegemea kuchukua haipozanthini ya seli nyekundu na kuiunganisha na PRPP kwa kimeng'enya chake chenyewe kilicho jamaa ya HPRT. Damu yenye vimelea vingi, kwa hiyo, haifai kwa kipimo cha utendaji. Malaria huvunja pia seli za damu, na uvunjaji huo huweza kuiongeza asidi ya yuriki kwa muda. Busara ni kutibu malaria kwanza na kurudia kipimo cha mkojo baada ya wiki kadhaa.

Usomaji wa jeni hupunguza vikwazo hivyo. DNA hupatikana kutoka seli nyeupe, na hudumu katika tone la damu lililokaushwa juu ya karatasi. Karatasi za aina hiyo si ngeni nchini Tanzania, kwani hutumika katika upimaji wa VVU kwa watoto wachanga. Husafirishwa bila barafu. Mabadiliko ya jeni yaliyokwisha kuelezwa ni ya mamia na hutofautiana kati ya familia na familia, kwa hiyo sharti jeni zima lisomwe.

Kwa mama, kipimo cha utendaji katika damu hakifai kabisa. Seli za mama mbebaji ni mchanganyiko, nusu yake ikitumia kromosomu X nzima na nusu ile yenye kasoro. Katika uboho, seli zisizo na HPRT hushindwa na zenzake wakati wa kuzaliana, na damu yake hatimaye huonekana ya kawaida. Mama huyo anaweza kuambiwa hana kasoro, ilhali kila mtoto wa kiume atakayemzaa ana uwezekano wa nusu kuugua, na kila binti uwezekano wa nusu kuwa mbebaji. Jibu sahihi kwake hutolewa na jeni.

7.0 Kinachoweza kutibika

Alopurinoli huzuia zanthini oksidezi na kuilinda figo. Hata hivyo, hutenda kazi kwa namna tofauti kwa mgonjwa huyu. Kwa mtu mwenye jongo la kawaida, haipozanthini iliyozuiwa huokolewa na HPRT, na jumla ya purini zinazotolewa hupungua. Kwa mgonjwa wa Lesch-Nyhan hakuna uokoaji, kwa hiyo jumla haipungui. Hubadilika tu kutoka asidi ya yuriki kuwa haipozanthini na zanthini. Zanthini huyeyuka kwa shida kuliko asidi ya yuriki yenyewe. Dozi kubwa mno inaweza kuondoa mawe ya aina moja na kuleta ya aina nyingine. Ndiyo maana dozi hurekebishwa hatua kwa hatua, na maji mengi ni sehemu ya tiba, hasa katika miezi ya joto. Dawa zinazoisukuma asidi ya yuriki kupitia figo, kama probenesidi, hazifai kwa mgonjwa huyu kwa kuwa huongeza hatari ya mawe.

Kujijeruhi hakuponyeki kwa dawa hizo. Kinachosaidia ni vizuizi laini vya mikono ambavyo mtoto mwenyewe huvikubali, kiti chenye mito na, inapolazimu, kung'oa meno. Adhabu haifai, kwani huongeza mfadhaiko, na mfadhaiko huongeza kujiuma. Uelewa wa mtoto mara nyingi ni mkubwa kuliko usemi wake unavyodokeza, na mlezi anayejua hivyo atazungumza naye badala ya kuzungumza juu yake.

8.0 Hitimisho

Upungufu wa HPRT unaonesha kwamba njia ya uokoaji wa purini si akiba ya ziada tu. Ni sehemu ya udhibiti wa usanisi mzima, na kwa ubongo unaokua haina mbadala. Athari zake mbili kubwa zina hatima tofauti. Ile ya figo inazuilika iwapo itatambuliwa mapema; ile ya ubongo bado haizuiliki. Kwa mtoto wa Kashaulili aliyetajwa katika mfano, maswali matatu yangetosha kuanzisha safari ya utambuzi: je, palikuwa na tukio lililoudhuru ubongo, je, nepi iliwahi kuwa na mchanga wa machungwa, na je, yupo mwanamume wa upande wa mama aliyeugua vivyo hivyo? Majibu yakielekea upande mmoja, mkojo upimwe ukiwa na joto na uwiano usomwe sambamba na uzito wa mtoto, baada ya malaria kutibiwa. Hatua hizo hazitamwezesha mtoto kutembea, lakini zitamwachia figo zake, na zitampa mama yake maelezo ya kweli kabla ya ujauzito unaofuata.